Gajakesari halisi na Gajakesari iliyofutika: kunduli mbili kwa pamoja

Chukua watoto wawili. Wa kwanza kazaliwa Dar es Salaam tarehe 26 Julai 2014, saa nne usiku, katika siku za mwisho za Ramadhani ya mwaka ule. Wa pili kazaliwa Mombasa tarehe 25 Desemba 2020, saa mbili na nusu usiku. Si watoto ninaowajua. Nimezichagua tarehe hizi kwa sababu ya anga ya siku hizo. Kila mmoja ukimtengenezea kunduli, yaani ramani ya nyota ya kuzaliwa kwa utaratibu wa Kihindi, programu ya kompyuta itakuandikia kwamba ana Gajakesari yoga. Kwa yule wa Dar itaongeza sifa nyingi. Kwa yule wa Mombasa huenda ikaonya kwamba yoga yake imevunjika.

Mimi nasema ni kinyume chake, na kwa sababu wazazi wengi wa Kihindi wa hapa pwani, na siku hizi hata wasio Wahindi, huletewa karatasi yenye jina hilo na kuambiwa mtoto wao atakuwa mtu mkubwa, ni vizuri kuonyesha hatua kwa hatua namna ya kupima.

Kwanza maana yake. Gaja ni tembo, kesari ni simba. Yoga hapa si mazoezi ya viungo, ni muungano wa sayari. Gajakesari hutokea pale Mshtarii inapokuwa kwenye kendra kutoka Mwezi, yaani katika burji ileile uliko Mwezi, au burji ya 4, ya 7 au ya 10 ukianza kuhesabu pale Mwezi ulipo. Wanajimu huitafsiri kuwa akili pevu, heshima mbele za watu, na jina linalodumu.

Sasa fanya hesabu ndogo. Mwezi huzunguka burji zote 12 kwa siku 27 na ushei. Mshtarii hukaa karibu mwaka mzima katika burji moja. Maana yake ni kwamba kila Mwezi unapomaliza mzunguko mmoja, huwa umepita kwenye zile burji nne za kendra kwa takriban siku 9. Kila anayezaliwa ndani ya siku hizo 9, hospitali zote, nchi zote, ana Gajakesari kwa maana hii nyepesi. Ni theluthi ya watu wote duniani. Basi yoga ambayo mtu mmoja kati ya watatu anayo haiwezi yenyewe peke yake kuwa alama ya ufalme, na mnajimu anayeishia kwenye kuhesabu kendra hajakwambia kitu.

Andiko linalotegemewa zaidi katika fani hii, Brihat Parashara Hora, halikuishia hapo. Linataka Mshtarii iwe kendra kutoka lagna, yaani burji inayochomoza wakati wa kuzaliwa, au kutoka Mwezi, iwe pamoja na sayari ya heri au iangaliwe nayo, na isiwe katika burji ya kudhalilika, isiwe imemezwa na Jua kwa kuwa karibu nalo mno, wala isiwe katika burji ya sayari adui. Programu nyingi husoma sharti la kwanza tu. Masharti yaliyobaki ndiyo yanayotenga yoga halisi na iliyofutika, na humo ndimo watoto wetu wawili wanapoachana.

Hivi ndivyo kunduli zao zilivyo, kwa hesabu ya Lahiri, nyumba zikihesabiwa kuanzia lagna:

| | Dar, 26 Julai 2014 | Mombasa, 25 Desemba 2020 |
|---|---|---|
| Lagna (burji inayochomoza) | Samaki | Kaa |
| Mwezi | Kaa, nyumba ya 5 | Punda, nyumba ya 10 |
| Mshtarii | Kaa, karibu digrii 8 | Mbuzi, karibu digrii 7 |
| Mshtarii kutoka Mwezi | ya 1 (pamoja) | ya 10 |
| Umbali wa Mshtarii na Jua | chini ya digrii 2 | karibu digrii 27 |

Angalizo kuhusu hiyo Lahiri. Unajimu wa Kihindi hupima burji kwa nyota zenyewe, na tofauti yake na burji za magazetini ni takriban digrii 24 kwa sasa. Ukimtafuta mtoto wa Dar katika hesabu ya magazetini utaukuta Mwezi na Mshtarii vyote katika Simba, na mjadala mzima utakuwa umeharibika kabla haujaanza. Hakikisha karatasi uliyopewa imeandikwa ni hesabu ipi.

Tuanze na yule wa Dar, maana kwa macho kunduli yake inavutia sana. Mshtarii hutukuka katika Kaa. Hakuna burji inayoipa nguvu zaidi ya hiyo. Mwezi ndio mwenye Kaa, kwa hiyo uko nyumbani kwake. Vyote viwili viko pamoja, na kukaa pamoja ni uhusiano wa karibu kuliko wa kendra nyingine zote. Juu ya hayo, lagna yake ni Samaki, kwa hiyo Mshtarii ndiyo bwana wa lagna, na Mwezi ni bwana wa nyumba ya 5, nyumba ya akili na watoto, na humohumo ndimo vilimokaa. Mtu akikuonyesha burji na nyumba tu, bila digrii, utamwambia hajawahi kutokea mtoto kama huyu.

Digrii zinasema mengine. Jua nalo lilikuwa Kaa, karibu digrii 10. Mshtarii ilikuwa digrii 8. Kanuni ni kwamba Mshtarii ikiwa ndani ya digrii 11 za Jua huhesabiwa imemezwa, na Mwezi ukiwa ndani ya digrii 12. Hapa Mshtarii ilikuwa chini ya digrii 2 kutoka kwenye Jua, na Mwezi nao hivyohivyo, kwa sababu mwandamo wa falaki, yaani Mwezi na Jua kukutana, ulitokea saa chache baadaye, kabla ya alfajiri ya tarehe 27. Usiku ule hakuna mtu Dar aliyeiona Mshtarii wala Mwezi. Wote waliokuwa wakingoja kuutafuta mwezi wa Idi walijua kwamba bado haujazaliwa.

Na kumezwa huku kuna uzito wa ziada katika kunduli hii. Kwa lagna ya Samaki, Jua ni bwana wa nyumba ya 6, nyumba ya madeni, maradhi na maadui. Kwa hiyo aliyeifunika Mshtarii hapa ni bwana wa nyumba ya uadui.

Halafu angalia sharti la sayari ya heri. Zuhura na Utaridi zilikuwa burji ya nyuma, Mapacha, na kutoka huko haziiangalii Kaa. Mwezi unaokaribia kutoweka hauhesabiwi kuwa sayari ya heri. Heri ya Mwezi hutoka kwenye nuru yake. Aliyekuwa anaiangalia Kaa ni Zohali, kutoka Mizani, kwa jicho lake linalofika burji ya 10 kutoka iliko. Basi Mshtarii imemezwa, Mwezi hauna nuru, hakuna wa heri anayesaidia, na Zohali inaweka mkono. Masharti mawili ya Parashara, la kutomezwa na la msaada wa heri, yamevunjika waziwazi.

Wapo wanajimu wanaosema sayari iliyotukuka haidhuriki na Jua. Hoja yao ina uzito nusu. Nguvu ya burji haipotei, na mimi ningetegemea mtoto huyu awe na moyo mwema na kichwa kizuri. Lakini Gajakesari ni yoga ya kujulikana, ya jina kwenda mbele ya mtu, na kumezwa na Jua ndiko hasa kunakozuia kuonekana. Anachobaki nacho ni Mshtarii nzuri ya ndani, na hiyo haitoshi kuitwa Gajakesari.

Kipimo cha mwisho ni navamsha. Kila burji hugawanywa vipande 9 vya digrii 3 na dakika 20, na kila kipande huangukia burji fulani katika ramani ya pili. Wazee wa fani hii huilinganisha ramani ya kwanza na mti na navamsha na tunda. Katika Kaa, kipande cha kwanza ni Kaa yenyewe, cha pili Simba, cha tatu Mashuke. Digrii 8 iko kipande cha tatu. Mshtarii yake inaangukia Mashuke, nyumba ya Utaridi, ambaye kwa Mshtarii ni adui. Mwezi nao uko kipande hichohicho.

Sasa twende Mombasa. Hapa mambo yanaanza vibaya. Mshtarii iko Mbuzi, burji inakodhalilika, tena karibu kabisa na digrii ya 5 ambako unyonge wake hufika chini kabisa. Sharti la Parashara limevunjika palepale. Na iko ya 10 kutoka Mwezi, si pamoja wala mkabala. Jambo hili wengi hulipita. Mshtarii huangalia burji ya 5, ya 7 na ya 9 kutoka iliko. Ikiwa pamoja na Mwezi au mkabala wake, inaugusa kweli. Ikiwa ya 4 au ya 10, ni kendra ya hesabu tu. Jicho lake haliufikii Mwezi. Ukilinganisha aina hizi, ya pamoja na ya mkabala ndizo zenye nguvu zaidi. Katika hili mtoto wa Dar anamshinda wa Mombasa.

Lakini kudhalilika kuna dawa yake, iitwayo nicha bhanga, kuvunjika kwa unyonge. Kanuni zake zinauliza wako wapi wale wenye uwezo wa kumwinua aliyeanguka. Wa kwanza ni mwenye burji aliyoangukia. Kwa Mbuzi ni Zohali. Wa pili ni mwenye burji ambako Mshtarii hutukuka, yaani Mwezi, bwana wa Kaa. Wa tatu ni sayari inayotukuka katika Mbuzi, nayo ni Mirihi. Mmoja wao akiwa kendra kutoka lagna au kutoka Mwezi, unyonge unahesabiwa umevunjika.

Kwa mtoto wa Mombasa wote watatu wapo. Zohali iko Mbuzi nyumbani kwake, pamoja na Mshtarii, nyumba ya 7 kutoka lagna na ya 10 kutoka Mwezi. Mwezi uko nyumba ya 10 kutoka lagna. Mirihi ilikuwa ndiyo kwanza imeingia Punda, burji yake mwenyewe, pamoja na Mwezi katika nyumba ya 10. Fikiria mgeni aliyefika ugenini amechoka, hana kitu. Akimkuta mwenye nyumba hayupo, atalala barazani. Akimkuta mwenye nyumba yupo, na jamaa zake wako mtaa uleule, habari ni nyingine kabisa.

Zaidi ya hayo, Jua lilikuwa Mshale, digrii 27 nyuma ya Mshtarii, kwa hiyo hakuna kumezwa. Jioni zile Mshtarii na Zohali zilionekana pamoja upande wa magharibi baada ya magharibi, na watu wengi walitoka nje kuzitazama. Mwezi ulikuwa unakua, siku yake ya 11, Ekadashi ambayo Wahindu wengi hufunga, kwa hiyo una nuru ya kutosha kuhesabiwa wa heri. Na kwa lagna ya Kaa, Mwezi ndio bwana wa lagna na Mshtarii ni bwana wa nyumba ya 9, nyumba ya bahati na walimu, ingawa pia hubeba nyumba ya 6. Kutoka nyumba ya 7 Mshtarii inaitazama lagna moja kwa moja.

Navamsha yake? Katika Mbuzi kipande cha kwanza ni Mbuzi, cha pili Ndoo, cha tatu Samaki. Digrii 7 na ushei iko kipande cha tatu. Mshtarii inaangukia Samaki, nyumbani kwake. Mti umedumaa, tunda ni zima. Linganisha na yule wa Dar, ambaye mti wake ni mkubwa na tunda limeliwa na wadudu.

Sitaki kukuficha kasoro. Siku nne tu kabla, tarehe 21 Desemba 2020, Mshtarii na Zohali zilikutana kwa ukaribu ambao haujawahi kutokea tangu 1623. Tarehe 25 bado zilikuwa ndani ya digrii moja, na sayari mbili zikiwa hivyo huhesabiwa ziko vitani. Kanuni moja humpa ushindi aliye kaskazini zaidi, na siku zile Zohali ndiyo ilikuwa kaskazini. Kanuni nyingine humpa ushindi mwenye nuru kubwa, nayo ni Mshtarii. Na sharti la sayari ya heri halikutimia kwake pia. Kwa hiyo siisemi yoga hii kuwa safi. Naisema iko hai, yenye mwanzo mgumu na mwalimu mkali, ikikomaa polepole.

Polepole kiasi gani? Hilo huamuliwa na dasha, zamu za sayari katika maisha, ambazo kwa mpango wa Vimshottari hujumlika miaka 120. Zamu ya Mwezi ni miaka 10, ya Mshtarii 16. Yoga huzaa katika zamu za sayari zilizoiunda, na hata yoga isiyo na doa haitazaa kama zamu hizo hazimkuti mtu akiwa hai na mwenye nguvu.

Zamu ya kuanzia hutegemea Mwezi ulikuwa katika manzili gani kati ya manzili 27 za njia yake. Wa Mombasa kazaliwa katika Bharani, manzili ya Zuhura, akiwa amebakiwa na miaka karibu 9 ya zamu hiyo. Ikifuata ya Jua miaka 6, zamu ya Mwezi itaanza akiwa na umri wa karibu miaka 15 hadi 25, miaka ya shule na kujifunza kazi. Baadaye Mirihi miaka 7, Rahu 18, kisha Mshtarii kuanzia karibu miaka 50 hadi 66. Zamu zote mbili zinamkuta. Wa Dar kazaliwa katika Pushya, manzili ya Zohali, akiwa amebakiwa na miaka 12 na miezi kadhaa ya zamu hiyo. Jumlisha Utaridi 17, Ketu 7, Zuhura 20, Jua 6, ndipo Mwezi unapofika, akiwa na miaka 62. Mshtarii itamfikia akiwa na miaka 97. Hata kama ungemwondolea kumezwa kote, zamu kuu ya yoga yake iko nje ya umri wa watu wengi.

Kuna mtego mmoja wa kwetu ambao hauandikwi katika mafunzo ya Kihindi: saa. Mzazi anasema mtoto kazaliwa saa mbili na nusu usiku. Anayeingiza data anaandika 02:30 badala ya 20:30. Nimeona hili zaidi ya mara moja. Kwa mtoto wetu wa Mombasa kosa hilo linabadilisha karibu kila kitu nilichosema. Lagna inakuwa Mizani badala ya Kaa. Mshtarii inageuka kuwa bwana wa nyumba ya 3 na ya 6, isiyo na heri kwa lagna hiyo. Mwezi unarudi nyuma karibu digrii 9, unatoka Bharani na kuingia Ashwini, na zamu ya Mwezi inasogea hadi umri wa karibu miaka 27. Ajabu ni kwamba Gajakesari yenyewe inabaki kwenye karatasi, kwa kuwa Mwezi bado uko Punda na Mshtarii bado iko Mbuzi, kwa hiyo hakuna kinachokushtua uirudie hesabu. Kabla ya kubishana kuhusu yoga, uliza saa kwa maneno: alfajiri, mchana, baada ya magharibi? Kisha hakikisha saa za eneo ni tatu mbele ya Grinichi.

Ukiwa na karatasi mbili mkononi na huna nafasi ya kupima yote, mpangilio wangu ni huu. Tazama kwanza digrii kati ya Jua na Mshtarii, kisha nuru ya Mwezi, kwa sababu makosa haya mawili hayana dawa ya kuaminika. Kudhalilika kukutishe kidogo kuliko hapo, mradi mwenye burji yuko mahali pa nguvu. Asipokuwepo yeyote kati ya wale watatu, yoga imefutika, usijilazimishe. Navamsha itumie kuamua pale ramani ya kwanza inapokuacha na shaka. Dasha iangalie mwisho, kwa kuwa haiiundi wala haiivunji yoga, inasema tu lini.

Kwa mpangilio huo, kati ya wawili hawa ningeiita ya Mombasa Gajakesari, kwa tahadhari ya ile vita. Ya Dar ningemwambia mzazi waziwazi kwamba mtoto ana Mshtarii njema, na kwamba lile jina kubwa aliloandikiwa halikustahili kuwa pale. Ningemwonyesha badala yake Zohali iliyotukuka katika Mizani, ambayo hakuna aliyemtajia, na ambayo zamu yake ndiyo mtoto aliyozaliwa nayo.